Kipimo cha Sukari na Tarehe Yake

Katika majalada ya wagonjwa yanayopangwa kila asubuhi juu ya meza za kliniki za Ngong, Kitengela na Kajiado mjini, pana tarakimu moja ndogo ambayo aghalabu huandikwa kwa haraka, chini ya uzito wa mwili na shinikizo la damu, nayo ni tarakimu ya sukari iliyomo katika damu. Anayeisoma baadaye, awe muuguzi wa zamu au tabibu aliyehamishwa juzi kutoka kaunti nyingine, huiamini kama aaminivyo kimo cha mtu. Ilhali kwa mgonjwa wa kifua kikuu, na kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, tarakimu hiyo haisemi lolote la maana mpaka yajulikane mambo mawili: ilichukuliwa siku ya ngapi tangu dawa zianze, na ni dawa zipi zilizokuwa zikimezwa wakati huo. Kwa mwenye kifua kikuu, kipimo cha kwanza huelekea kutisha kupita haki yake. Kwa mwenye VVU, kipimo cha kwanza huelekea kutuliza kupita haki yake. Na kwa yule aliyepatwa na maradhi yote mawili, hali ambayo si nadra, tabibu anahitaji kujua ni lipi kati ya makosa hayo mawili lililo mbele yake.

Sababu ya kipimo cha kwanza kuwa na uzito mkubwa namna hii katika nchi yetu ni kwamba, kwa watu wengi, hakuna kingine cha kukilinganisha nacho. Uchunguzi wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wazima wasiofika wawili katika kila mia ndio waliokuwa na sukari ya juu. Lakini uchunguzi huohuo ulionyesha pia kuwa takriban watu 88 katika kila mia walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Basi fikiri juu ya mfanyakazi wa kiwandani akaaye Kitengela, ashukaye na matatu za 110 usiku, ale alichopata, alale, aamke na mapema. Au mfugaji wa upande wa Bissil aliyezoea maziwa na nyama na mwendo wa kutwa nzima, ambaye sasa ana kibanda cha biashara mjini na hukaa kitini tangu asubuhi akinywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Hakuna aliyewahi kuwadunga kidole watu hawa wakiwa wazima. Siku ya kwanza wanayodungwa ni siku ileile walipoletwa na kikohozi cha wiki kadhaa, ama waliposomewa jibu la kipimo cha VVU, yaani siku ambayo mwili wao umo katika hali isiyo ya kawaida kuliko siku nyingine zote.

Tuanze na kifua kikuu. Mwili unaposhikwa na homa ya muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotizoli na adrenalini, na homoni hizo huliamrisha ini kufungua ghala yake na kuimimina sukari ndani ya damu, huku zikiizuia misuli isiitii insulini kama ilivyozoea. Hilo ni jambo la hekima kwa upande wa mwili, kwa kuwa vita vinataka chakula. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu asiyekuwa na kisukari hata kidogo anaweza kupimwa siku ya kwanza akakutwa na millimoli 8 kwa lita kabla ya kula, na baada ya miezi miwili ya dawa, homa ikiisha kuondoka na hamu ya chakula ikiisha kurudi, akapimwa tena akakutwa na 5.4. Akiwa ameandikwa siku ile ya kwanza kuwa ni mgonjwa wa sukari, atabeba jina hilo pamoja na vidonge vyake kwa miaka mingi, na hatari ya vidonge hivyo kuishusha sukari isiyotaka kushushwa.

Hata hivyo, haifai kutoka hapo tukasema kwamba kipimo cha siku ya kwanza kipuuzwe. Uchambuzi wa tafiti 13 uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kuwa mwenye kisukari ana uwezekano karibu mara tatu wa kupatwa na kifua kikuu kuliko asiyekuwa nacho. Na akiisha kukipata, makohozi yake huchelewa kusafika, yamkini ya kufa ni kubwa zaidi, na maradhi hurejea kwa urahisi zaidi baada ya matibabu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, pamoja na Muungano wa Kimataifa wa kupambana na kifua kikuu na maradhi ya mapafu, vilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kutaka maradhi haya mawili yatafutwe kwa pamoja: kila mwenye kifua kikuu apimwe sukari, na kila mwenye kisukari aulizwe juu ya kikohozi. Kwa hiyo mgonjwa apimwe siku ya kwanza, naam, ila jibu lisomwe kwa kadiri yake. Aliyekutwa na 11.1 au zaidi, naye ana kiu isiyokatika na haja ndogo ya mara kwa mara, huyo hangojwi. Na ikiwa anatapika, anahema kwa nguvu, na mkojo wake una ketoni, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Lakini yule aliye baina ya 7 na 11, asiye na dalili yoyote isipokuwa zile za kifua kikuu, apimwe tena kabla ya kula siku nyingine, aanzishiwe dawa za kifua kikuu pasipo kuchelewa, kisha apimwe upya mwisho wa mwezi wa pili na mara nyingine mwisho wa matibabu. Na hapo ndipo neno la kisukari liandikwe au lifutwe.

Ugumu mmoja ni kwamba dalili zenyewe zinafanana mno. Kukonda, kuchoka, kutoka jasho usiku: hizo ni za kifua kikuu, na kukonda na kuchoka ni dalili za VVU visivyotulizwa, na pia ni za kisukari kilichopea. Kinachosaidia kutenganisha ni kiu na mkojo. Hata hapo, katika nchi ya jua kali kama Kajiado ya kusini, mtu hukueleza kwamba anakunywa maji mengi kwa kuwa ni kiangazi, wala hadanganyi. Swali lenye faida zaidi ni kama anaamka usiku kwenda haja, mara ngapi, na tangu lini.

Kudungwa kidole kwenyewe kuna mengi ya kuangaliwa kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa huambiwa asile tangu saa mbili za usiku, aje asubuhi, anywe maji matupu peke yake. Lakini aliyetoka Ngong akapanga foleni tangu alfajiri huwa amepitia kibandani.

"Mzee, umekula chochote leo?" muuguzi humwuliza.

"Sijala, daktari. Chai tu. Wala sikutia mkate."

Chai hiyo ni maziwa na sukari, na kipimo kimekwisha kuharibika. Lakini muuguzi mwerevu hamkaripii wala hamrudishi nyumbani bure, bali hupima na kuandika wazi kwamba hiki si kipimo cha kabla ya kula, ili jibu la 8.9 lisije likahukumiwa kwa kanuni isiyokuwa yake. Kisha kuna mikono. Aliyemenya embe au chungwa njiani akadungwa kidole bila kunawa huweza kutoa tarakimu ya kushangaza, kwa kuwa tone la damu limeoga katika sukari ya tunda. Sabuni na maji huondoa hilo, nao mkono lazima ukauke kwanza, maana maji nayo hulizimua tone. Kichupa cha stripu kikiachwa wazi, unyevu wa hewa huziharibu kabla ya tarehe yake kupita. Tena mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, kama walivyo wengi wenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja, husomwa na mashine nyingi juu kuliko ukweli, kwa sababu chembe nyekundu ni chache ndani ya tone. Na endapo kioo kinaandika `HI` badala ya tarakimu, maana yake si kwamba mashine imeharibika, bali kwamba sukari imepita kiasi cha juu ambacho mashine inaweza kukisoma, kiasi ambacho kwa nyingi huwa kama 33.

Ikiwa damu inachukuliwa mkononi ili kupelekwa maabara ya mbali, kosa hugeuka likaenda upande wa pili. Chembe za damu haziachi kula kwa kuwa zimetiwa chupani. Huendelea kuila sukari, kama sehemu tano hadi saba katika mia kwa kila saa, hivi kwamba damu iliyokaa saa nne juani ndani ya sanduku la pikipiki inaweza kufika ikiwa imepoteza robo ya sukari yake. Chupa yenye kifuniko cha kijivu, iliyotiwa floridi, hupunguza ulaji huo ingawa hauishi mara moja. Chupa nyekundu ya kawaida haina kinga hiyo. Nimeona majibu mazuri mno ya sukari yaliyonitia shaka kwa sababu hiyo pekee.

Sasa tugeukie VVU, ambako mambo huenda kinyume. Habari za dawa za UKIMWI kuchezea sukari si mpya: mnamo Juni 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za jamii ya kuzuia kimeng'enya cha protisi, zilizokuwa mpya wakati huo, zilikuwa zikiwaletea kisukari baadhi ya watumiaji. Baadaye ilifahamika kuwa mojawapo, indinaviri, huziba mlango ambao sukari hupitia kuingia ndani ya chembe za misuli. Wazee wa kliniki zetu wanaikumbuka pia stavudini, iliyowatoa watu mafuta mashavuni na miguuni, na kuufanya mwili usiitii insulini kama ulivyozoea. Dawa hiyo iliondolewa polepole baada ya Shirika la Afya Duniani kuagiza hivyo mwaka 2009. Kwa hiyo mtu aliyeanza dawa miaka ishirini iliyopita amepita katika mikono ya dawa kadhaa, na athari ya ile ya zamani huweza kubaki mwilini hata kama jina lake limekwisha kusahaulika.

Dawa ya siku hizi ni TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kenya ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuipokea dolutegraviri ya bei nafuu, mwaka 2017, na katika miaka iliyofuata wagonjwa wengi wakahamishiwa TLD. Ni dawa njema, nami ningependa msomaji asinielewe vibaya: huvituliza virusi upesi, virusi haviishindi kwa urahisi, na wengi waliokuwa wakisumbuliwa na ndoto mbaya za efavirenzi sasa hulala salama. Lakini mwaka 2020 matabibu wa Taasisi ya Maradhi ya Kuambukiza ya Kampala walichapisha jambo ambalo kila kliniki ya Afrika Mashariki ilipaswa kulisoma. Miongoni mwa wagonjwa wao 3,417 waliokuwa wakitumia dolutegraviri, 16 walipandwa na sukari kwa nguvu. Na miongoni mwa 3,230 wasioitumia, aliyepandwa alikuwa mmoja tu. Wote 16 walikuwa watu waliokwisha kutumia dawa nyingine za VVU kabla ya kuhamishwa, na kwa wengi wao mambo yalitokea baada ya miezi michache, takriban minne, tangu wabadilishiwe.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika hesabu hiyo. La kwanza ni uchache: 16 katika 3,417 hawafiki hata mmoja katika kila watu 200, na tafiti zilizofuata mahali pengine hazikuafikiana, nyingine zikiona hatari na nyingine zisiione, wala namna dolutegraviri inavyoipandisha sukari kwa hao wachache haijathibitika. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuitupa TLD chooni kwa sababu ya habari hii. Virusi vilivyoachwa bila dawa huua kwa hakika zaidi kuliko sukari. La pili ni muda. Watu wale, kama wangepimwa kabla ya kubadilishiwa dawa, huenda wangeonekana wazima. Na kliniki inayopima siku ya kubadilisha na kisha mwaka mmoja baadaye ingewakosa katikati, wakati ule ambao mtu anapoteza kilo kumi huku virusi vyake havionekani, na tabibu anahangaika kutafuta kifua kikuu kisichokuwepo. Kwa hiyo mwenye umri uliopita miaka arobaini, au mwenye tumbo kubwa, au mwenye mzazi aliyekuwa na sukari, au aliyewahi kutumia stavudini, anastahili kupimwa siku ya kubadilishiwa, tena kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha kila mwaka. Pia aulizwe uzito wake, kwa sababu dolutegraviri huwanenepesha baadhi ya watu, na unene huo huleta kisukari cha kawaida, kinachokuja polepole.

Wengine watasema: mbona tusitumie kipimo cha HbA1c, ambacho hakitaki mtu ashinde njaa, nacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita? Kwa mgonjwa wa kifua kikuu asiye na upungufu wa damu kina faida, kwa kuwa homa ya wiki chache haikitikisi sana. Kwa mwenye VVU kina hila yake. Kipimo hiki huhesabu sukari iliyoganda juu ya hemoglobini, na chembe nyekundu inayoishi muda mfupi haipati wasaa wa kukusanya sukari ya kutosha. Sasa VVU na baadhi ya dawa zake, zidovudini hasa, hubadilisha umri na ukubwa wa chembe hizo, hata jibu likashuka chini ya ukweli. Mtu mwenye 6.1 katika sehemu mia, ambaye kwa kanuni hajafika 6.5 ya kisukari, anaweza kuwa nacho tayari. Pale ambapo HbA1c na kipimo cha asubuhi vinapingana, kwa mtu huyu, mimi humwamini shahidi wa asubuhi.

Ili mambo haya yasikae mbalimbali, natunga mgonjwa mmoja, asiye mtu yeyote ninayemjua, na tumfuate kwa miezi sita. Ni mwanamume wa miaka 48, mchuuzi wa mbuzi kati ya soko la Bissil na Kitengela, mwenye VVU tangu miaka kumi iliyopita, anayetumia TLD kwa mwaka wa tatu. Amekuja na kikohozi na kilo tano zilizopotea. Makohozi yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert, kifua kikuu kinaonekana, tena cha aina isiyokataa rifampisini. Sukari ya siku hiyo, baada ya chai, ni 10.8, ya kesho yake asubuhi, kabla ya kula, ni 8.4. Usiku haamki kwenda haja. Tabibu anaandika: sukari ya juu pamoja na homa, itarudiwa. Hamwandiki kisukari.

Anaanzishiwa vidonge vya mchanganyiko vya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha viwili vya kwanza kwa miezi minne, na anaambiwa asishtuke mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa. Hapa ndipo dawa zinapoanza kuingiliana. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyozivunja dawa nyingine, nayo dolutegraviri huvunjwa upesi hivi kwamba kiasi cha siku moja hakitoshi. Kwa hiyo mgonjwa hupewa TLD yake asubuhi kama kawaida, na kidonge cha peke yake cha dolutegraviri cha miligramu 50 jioni. Anapewa pia piridoksini, yaani vitamini B6, kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Na asipopewa, ganzi ya nyayo itakapotokea hakuna atakayejua kama ni ya isoniazidi au ya sukari.

Mwisho wa mwezi wa pili homa imekwisha, amerudisha kilo nne, na sukari ya asubuhi ni 7.9, inarudiwa wiki ileile, ni 8.1. Sasa kisingizio cha homa hakipo tena, na neno kisukari linaandikwa kwa mara ya kwanza. Anapimwa kazi ya figo, kisha anaanzishiwa metfomini, miligramu 500 kwa siku pamoja na chakula, na baada ya wiki mbili mara mbili kwa siku. Hapo inasimama: haipiti miligramu 1,000 kwa siku, ingawa mgonjwa mwingine angeweza kupewa mara mbili ya hiyo, kwa sababu dolutegraviri huziba njia ambazo figo hutumia kuitoa metfomini, na kwa mtu mzima anayemeza miligramu 50 kwa siku, metfomini iliyomo katika damu huongezeka karibu sehemu 80 katika mia. Njia hizohizo ndizo figo hutumia kutoa kreatinini, kwa hiyo kreatinini nayo hupanda kidogo bila figo kuumia, na asiyejua hilo huweza kuisimamisha dawa njema bure. Lililo la hatari zaidi ni tumbo: metfomini huleta kichefuchefu katika wiki za mwanzo, na dawa za kifua kikuu zinazoudhi ini huanza vilevile kwa kichefuchefu. Ikiwa macho yake yameingia manjano, au ubavu wa kulia unauma, haifai kuisingizia metfomini, ini lipimwe.

Mwezi wa tatu sukari imepanda hadi 9.1. Tabibu anaongeza glibenklamidi, kidonge ambacho huilazimisha kongosho kutoa insulini zaidi, miligramu 5. Wiki tatu baadaye sukari haijashuka inavyotakiwa, naye anapandisha hadi 10. Wengine husema hapa kwamba mgonjwa hafuati masharti, kwamba anakula ugali mwingi, na humkaripia. Kumbe sababu iko ndani ya kichupa cha dawa za kifua kikuu: rifampisini ileile inayoivunja dolutegraviri huivunja na glibenklamidi, na mgonjwa anayemeza miligramu 10 anapata kazi ya kiasi kidogo zaidi. Tabibu aliye makini huandika jambo hilo jaladani kwa wino mzito, kwa kuwa litakuja kudai haki yake baada ya miezi mitatu.

Dawa za sukari zenyewe hazimfikii bure kama zile nyingine. Za VVU na za kifua kikuu hutolewa katika hospitali za umma bila malipo. Metfomini, glibenklamidi na stripu za mashine mara nyingi huvinunua mwenyewe kwenye duka la dawa. Ikitokea wiki ambayo mbuzi hawakuuzika, ni vidonge vya sukari vitakavyokosekana, na tarakimu ya kipimo kijacho itapanda kwa sababu ambayo hakuna maabara itakayoiona. Mimi huona swali la kama mtu ana dawa nyumbani lafaa kuulizwa kabla ya kumdunga kidole.

Mwezi wa sita unatimia. Makohozi ni safi, sukari ya asubuhi ni 6.8, kila mtu amefurahi, naye anaachishwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini haibaki muda mrefu, lakini vimeng'enya ilivyoviamsha huchukua kama wiki mbili kurejea usingizini. Kwa sababu hiyo kidonge cha jioni cha dolutegraviri huendelea kwa wiki mbili baada ya dawa za kifua kikuu kwisha, ndipo arudi kwenye TLD peke yake. Kwa glibenklamidi hesabu huenda kinyume: kadiri vimeng'enya vinavyolala, ndivyo miligramu 10 zile zinavyozidi kuwa na nguvu, na mtu aliyekuwa akizihitaji mwezi uliopita anaweza sasa kushushwa nazo hadi 2.9. Siku ya hatari ni siku ya soko, ambapo amemeza dawa alfajiri, akapanda gari la mbuzi, akashinda juani Bissil hadi saa nane bila kula. Anaanza kutetemeka, jasho baridi linamtoka, anasema maneno yasiyoeleweka, na wenzake hudhani amelewa.

Kwa hiyo siku ileile ya kumwachisha dawa za kifua kikuu tabibu anaipunguza glibenklamidi ikawa miligramu 5, anamwambia asiimeze siku ambayo hana hakika ya chakula, awe na peremende au soda mfukoni wakati wote, na wenzake wa sokoni wajue sababu. Anamwita baada ya wiki moja na baada ya wiki tatu, na katika ziara ya pili sukari ni 5.1, naye anakiri kuwa alitetemeka mara moja. Glibenklamidi inaondolewa, metfomini inabaki ileile ya miligramu 1,000. Katika jalada, kando ya 5.1, muuguzi ameandika tarehe, saa, kwamba hakuwa amekula, na maneno mengine manne: wiki tatu bila rifampisini.